Kofia ya Firmin

Mwaka ule waasi walipokuwa wakubwa wa Uvira, Firmin alifiwa na mkewe, Louise. Dawa zilikuwapo mjini, ila zilikaa nyumbani kwa wakubwa. Mtaa wote wa Songo ulilijua hilo.

Kwenye maziko Firmin hakutamka neno. Alivuta kofia hadi kwenye nyusi, akajificha nyuma ya mdogo wake Rémy. Wakwe wa Luberizi wakanong'ona kwamba hana uchungu. Mama mkwe, Kankindi, akakata shauri: siku ya kuondoa matanga mfiwa apokee kibuyu cha pombe, anywe wa kwanza, amtaje marehemu, kama desturi. Akinyamaza, mtoto wake Charlotte atalelewa Luberizi.

Firmin akaenda kituo cha afya, kwa Émérance, muuguzi aliyesomea magonjwa ya woga.

"Iko haya tu, mama," akasema, macho chini. "Hata Rémy iko nayo."

"Rémy anaona haya, kisha anazoea, anachekesha watu. Weye unakosa usingizi juma zima mbele ya kikao. Misa uliacha. Kazi ya posta uliacha, sababu watu wanakuangalia ukiandika. Ule iko ugonjwa, papa, na unatibika." Akaigusa kofia. "Hii ndiyo inalisha ule ugonjwa. Siku ikipita salama, unashukuru kofia, unamshukuru Rémy kwa kukusemea. Woga haujifunzi kamwe kwamba watu hawakuli."

Akamtuma sokoni kichwa wazi, aulize bei ya ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani, amtazame muuzaji, asikimbie. Aliuliza kwa kunong'ona; moyo ulimtwanga kama mchi, kisha ukatulia wenyewe.

"Papa, unauliza bei ao unasali?" muuzaji akamtania.

Firmin akacheka, mara ya kwanza tangu maziko.

Wangeendelea hivyo, pole pole. Lakini wakubwa walikitaka kituo kiwe kambi ya askari wao, na Émérance akafukuzwa na mizigo yake. Nani angewauliza?

Siku ya matanga kibuyu kikamfikia Firmin. Alikibana kwa mikono miwili kisitetemeke. Kadiri alivyobana, ndivyo kilivyotetemeka. Maneno aliyoyakariri yakamtoroka. Mkono ukapanda, ukaivuta kofia hadi kwenye nyusi.

Rémy akamhurumia. Akasimama, akijikuna shingo, akababaika kidogo, kisha ulimi ukafunguka, akamsifu shemeji yake hadi watu wakalia.

Firmin akasikia nafuu ikimshukia kama maji baridi. Ilikuwa nafuu ile ile ya siku zote. Aliijua, akaichukia.

"Rémy tumemsikia," Kankindi akasema taratibu. "Mume wa Louise, bado."

Asubuhi gari la mizigo likamchukua Charlotte. Firmin akalikimbilia barabarani, akaing'oa kofia, akaita kwa sauti kuu: "Charlotte, mama yako nilimpenda!"

Wauza ndagala wakageuka, wakamtazama, wakarudia kazi yao. Hakuna aliyecheka. Na gari lilikuwa limekwisha kukata kona.