Saruji Ilipanda

Hisa za kampuni ya saruji zilipanda, na hilo ndilo lililomharibia dalali siku. Zingeporomoka, angekuwa na la kusema. Soko lina wenyewe, angesema, na shangazi yake angeelewa. Lakini zilipanda, redio ikatangaza, na shangazi akaja ofisini kabla jioni haijaingia, amevaa vazi lake la sherehe.

"Mwanangu amenitajirisha," alimwambia katibu mlangoni, kwa ile sauti ya muuguzi mstaafu aliyezoea kusikika wodi nzima. Madalali wengine waliinua vichwa kutoka kwenye skrini zao, wakatabasamu. Yeye alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nimesikia! Mia moja na kumi na mbili, na tulianza mia. Sasa niambie, chumba cha zahanati nikilipie kesho?"

Huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Kiinua mgongo chake kilikuwa cha kufungua zahanati ndogo, na alikikabidhi kwa mpwa wake bila kuuliza swali la pili. Mpwa naye, mdomo asali, alimwambia, "Shangazi, kwa bei ya hisa moja, opsheni zinakushikisha hisa hamsini." Hesabu haikuwa ya uongo. Ilikuwa nusu tu, na nusu ya ukweli ina ubaya wake.

Alimvutia kiti karibu, akashusha sauti.

"Shangazi, hatukununua hisa. Tulinunua opsheni, yaani haki ya kuzinunua kwa mia moja na ishirini, ndani ya miezi mitatu. Kila haki tuliilipia shilingi mbili."

"Ndiyo, ulinieleza. Na zimepanda."

"Zimepanda, lakini hazikufika mia na ishirini. Na muda umekwisha leo. Nani atatumia haki ya kununua kwa mia na ishirini kitu kinachouzwa sokoni mia na kumi na mbili?"

Shangazi alifikiri. Hakuwa mjinga, na hilo lilimuumiza dalali zaidi.

"Basi faida hakuna. Turudishiwe tulichotoa."

"Hakirudi, shangazi. Zile mbili ndizo bei yenyewe. Muda ukiisha chini ya mia na ishirini, haki inakufa na pesa zake zote."

"Zote?"

"Zote."

Wale wenzake walijifanya kuandika.

"Hata kama zingefika mia na ishirini na moja," aliendelea, "tungepata shilingi moja kwa kila mbili tulizotoa. Bado ni hasara. Ilibidi zivuke mia na ishirini na mbili ndipo tuanze kuona faida. Na ilibidi zifanye haraka. Katikati ya safari hisa zilikuwa mia na sita, lakini haki zetu zilikuwa zimeshuka chini ya zile mbili, kwa sababu muda nao unakula thamani yake."

"Na aliyenunua hisa zenyewe siku ileile?"

"Anazo bado. Amepata kumi na mbili kwa kila mia."

"Kumbe rahisi huvunja upishi." Aliitazama mikono yake. "Haki za mbali namna hii, huwa zinafika?"

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Angesema ni bahati mbaya, na shangazi angemwonea huruma yeye. Akapiga moyo konde.

"Mara chache. Kwa umbali ule, kati ya kumi, nane au hata tisa hufa bila kitu. Ndiyo maana zinaonekana rahisi."

"Ulijua hivyo siku ile?"

"Nilijua. Ndiyo kazi yangu." Uso ulimwaka moto. "Kampuni yetu ya udalali inatulipa kamisheni kubwa zaidi kwenye opsheni. Nami mwezi ule nilikuwa nyuma ya wenzangu."

Shangazi hakugomba. Angegomba, angempunguzia mzigo. Aliuliza tu, taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa inapouma:

"Na wewe, pesa zako uliweka humohumo?"

Dalali alitazama sakafu. Alisikia aibu ambayo hakuwahi kuisikia hata siku ile, akiwa mtoto, alipofumaniwa akiiba sukari.

"Nilinunua hisa zenyewe, shangazi."

Alidhani atapigwa kofi mbele ya watu, na alilitaka. Shangazi alisimama, akafunga mkoba wake, akamrekebishia kola ya shati kama alivyokuwa akifanya kabla ya shule. Kisha akawageukia wale madalali waliokuwa wakisubiri habari njema, akatabasamu kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Haya, nawaaga wanangu," alisema. "Mpwa wangu kanihudumia vizuri."