Kifuniko Kitupu

Fundi viatu mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi kwa sababu akishakaa kwenye kigoda chake habanduki mpaka jioni, alianza kufa siku ya nane baada ya kumzika mkewe. Hivyo ndivyo alivyoamini yeye. Alikuwa ameinama anapigilia kisigino, mara moto ukampanda kutoka chembe ya moyo, ukapita kifuani na kumwachia uchachu mkali kooni. Akaweka nyundo chini. "Mwalimu ananiita," alisema peke yake, na tusimfichie siri: alifarijika.

Mwalimu ndiye mkewe, aliyefundisha darasa la tatu mpaka akastaafu, kisha akaugua ini, ugonjwa ukamla polepole kwa muda wa mwaka mmoja. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minane. Gundi hakujua hata sukari ilikuwa inawekwa kopo gani.

Moto ule ukamrudia kila alipoinama, na kazi ya viatu ni kuinama. Mtu mwingine angetafuta tiba. Gundi yeye alianza kurudisha viatu vya watu. Aliwapelekea wenyewe majumbani, vingine bila soli, vingine vimeshonwa nusu, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale: "Chukua, sitawahi." Bintiye alipopiga simu kumsihi ahamie kwake, alimjibu asijisumbue kutandika kitanda. Wiki ya pili ilipokwisha, ilikuwa imebaki jozi moja tu, ya mfamasia wa duka la dawa la pale kona. Akaifunga kwenye gazeti, akaenda.

"Shikamoo, baba," mfamasia alisema. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani. Akafungua gazeti, akaona kiatu bado kimefumuka mdomo. "Mbona hukukigusa?"

"Marahaba, mwanangu. Sitawahi. Naondoka."

"Safari ya wapi?"

"Kumfuata Mwalimu." Akajigusa kifua.

Mfamasia hakucheka. Alimvutia kiti, akaanza kumhoji, swali moja moja. Maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya? Anatokwa jasho, anakosa pumzi? Chakula kinakwama kikishuka? Ametapika damu? Choo ni cheusi? Nguo zinampwaya? Gundi akawa anatikisa kichwa tu, na kila alipotikisa aliona kama anashindwa mtihani.

"Na vile vidonge vyako vya kupunguza asidi, bado unameza?"

"Niliacha siku ya mazishi."

"Ghafla tu? Baada ya miaka tisa?"

Gundi alitazama sakafu. Vidonge vile alianza kupewa zamani, wakati dawa za maumivu ya mgongo zilipomchoma tumbo. Daktari alisema wiki nane. Mgongo ukapona, dawa za mgongo zikaachwa, lakini vidonge vikaendelea, maana hakuna aliyesema basi. Kila asubuhi, nusu saa kabla ya chai, Mwalimu alikuwa akimwekea kimoja ndani ya kifuniko cha chupa, kando ya glasi ya maji. "Yeye ndiye aliyekuwa ananiwekea," alisema. "Sasa nani ataniwekea?"

Mfamasia aliweka kiatu kando. "Basi nisikilize, baba. Tumbo lina vijipampu vinavyotoa asidi. Kidonge kinavifunga. Sasa mwili ukiona asidi imepungua, haukubali. Unatuma ujumbe kwenye damu: ongezeni, ongezeni. Ujumbe ukienda miaka, tumbo linajiongezea mitambo ya kutengeneza asidi. Lakini huioni kazi yake, kwa sababu kidonge kimeibana."

"Halafu nikaacha."

"Halafu ukaacha kwa mkupuo. Kizuizi kimetoka, mitambo yote iliyoongezeka imewaka pamoja. Asidi inakuwa nyingi kuliko hata kabla hujaanza dawa. Hicho ni kiungulia cha kuacha dawa. Hakimpati kila mtu, na kikimpata si lazima awe na ugonjwa mpya, wala si lazima ule wa zamani uwe umerudi. Mitambo ile ya ziada inapungua yenyewe. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi miwili."

"Kwa hiyo sifi?"

"Si kwa hili, baba."

Ungedhani angeshukuru. Gundi alihisi kama amenyang'anywa kitu. Alikuwa ameshamuaga kila mtu, na sasa anaambiwa arudi nyumbani kwenye kile kitanda kipana, akaishi.

"Lakini haya yote nilimweleza Mwalimu," mfamasia aliendelea, akivaa miwani. "Alikuja hapa akiwa tayari mgonjwa, na daftari lake, akaandika kila neno kama yuko darasani. Nikamwambia amwone daktari kwanza, kisha akueleze. Hakukueleza?"

Gundi aliinuka. Alichukua viatu vile vile alivyovileta, akavitia kwapani, akatoka.

Daftari lilikuwa kwenye droo ya kabati, chini ya vitambaa vya meza. Maswali yalikuwa kwa kalamu nyekundu, majibu kwa bluu.

*Akiacha kwa ghafla itakuwaje? Kiungulia kikali, atadhani anakufa.*

*Kwa nini? Tumbo limejiongezea nguvu ya kutoa asidi.*

*Afanyeje? Daktari amekubali: si lazima aendelee. Apunguze taratibu, siku anywe, siku aache. Kikimchoma, dawa ya maji ya kutuliza asidi. Asile na kulala hapo hapo. Ainue kichwa cha kitanda.*

*Nimwambie? Mfamasia na daktari wote wanasema nimwambie. Nitamwambia. Lakini namjua, nikimwambia kitamchoma kabla hata hajaacha. Tena ataniuliza haraka ya nini. Nitasemaje? Nataka awe ameshazoea kabla sijaondoka.*

Chini yake aliandika tarehe, zikashuka ukurasa mzima. Tarehe moja ina alama, inayofuata haina, moja ina, inayofuata haina.

Gundi alikaa kitandani. Alizikumbuka zile siku zisizo na alama. Alizikumbuka vizuri mno. Asubuhi anafika mezani, kifuniko kitupu, na yeye anafoka: "Umesahau tena! Kidonge kimoja tu kinakushinda?" Mwalimu, macho yamegeuka manjano, ameshika ukingo wa meza ili asimame, anasema, "Nimesahau, mume wangu. Nisamehe." Kisha yeye anaifungua droo ya meza, penye vidonge, kwa kishindo, anajichukulia mwenyewe, anameza. Siku zote. Hakukosa hata moja. Mwalimu alikuwa akiona, na akaendelea kuweka alama zake.

Siku hiyo alilia mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Daktari wa kliniki alimrudisha kwenye dozi yake kwa wiki mbili, kisha akamwambia aanze siku anywe, siku aache. Asubuhi ya kwanza ya kuacha, Gundi alichemsha maji, akaweka glasi mezani, na kando yake akaweka kifuniko. Kitupu. Droo ilikuwa karibu tu. Hakuifungua. Alikunywa chai, akatoa viatu vya mfamasia, akainama juu yavyo, na kabla hajamaliza mshono wa tatu moto ukampanda. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa mwanzo. Alimeza kijiko cha dawa ya maji, akangoja, akatazama kile kifuniko pale mezani.

"Hukusahau," alikiambia.

Kisha akachukua kalamu ya bluu, akaiandika tarehe ya siku ile chini ya zile za Mwalimu, na hakuiwekea alama.