Foleni Nyuma ya Kona

Injinia Bonaventura aliwadharau watu wa aina mbili: wasiosoma, na waliosoma baada yake. Hafsa alikuwa wa aina ya pili, naye akamlipa kwa sarafu ileile.

Mafuriko yalikuwa yameondoka na daraja la barabara kuu kati ya Nangurukuru na Lindi, na mahali pake pakawekwa daraja la chuma la muda, njia moja tu. Upande mmoja ukivuka, wa pili unasubiri. Bonaventura ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa kazi. Hafsa, mhandisi wa usafiri katika kampuni hiyohiyo, aliletwa kupanga jinsi magari yatakavyopita. Juma zima yeye na vijana wake walihesabu magari kando ya mto, kisha akapeleka mpango wake kwenye kontena lililofanywa ofisi.

Bonaventura hakuutazama mchoro. Aliuliza tu, huku akimenya chungwa:

"Kutoka upande wa Dar, saa nne mpaka saa tisa, yanafika magari mangapi?"

"Mia tatu, Injinia."

"Huo ni muda wa saa tano. Kwa hiyo sitini kwa saa. Na daraja linavusha mangapi ya upande huo?"

"Sitini kwa saa."

"Basi!" Alitupa ganda kwenye ndoo. "Sitini yanakuja, sitini yanaondoka. Foleni inatoka wapi? Kuzimu?"

"Hayaji kwa wastani," Hafsa alisema. "Saa ya kwanza yanakuja mia, maana mabasi ya asubuhi na malori ya korosho yanafika kwa mkupuo. Saa ya pili themanini. Baada ya saa sita, arobaini tu kila saa."

Akamsogezea karatasi. Ilikuwa na mistari miwili iliyopanda pamoja kutoka saa nne. Wa juu ulijumlisha magari yote yaliyokwisha kufika: mia ilipotimia saa tano, mia na themanini saa sita, kisha ukalegea. Wa chini ulijumlisha yaliyokwisha kuvuka, nao ulinyooka kama rula, sitini kila saa. Mistari ilikutana tena saa tisa, kwenye gari la mia tatu.

"Ukipima wima kati ya mistari, unapata magari yaliyoko kwenye foleni wakati huo. Saa tano ni arobaini. Saa sita ni sitini. Ukipima kwa mlalo, unapata muda anaosubiri mtu. Anayefika saa sita atavuka saa saba. Na eneo lote lililofungwa katikati ndilo jumla ya ucheleweshaji: saa mia na sitini, ukijumlisha za magari yote. Wastani wake ni zaidi ya nusu saa kwa kila gari. Wastani wako wewe unasema sifuri."

Neno "wako wewe" lilimchoma. Bonaventura alifuta vidole.

"Haya, mama wa michoro. Kilele ni saa nne mpaka saa tano, umesema mwenyewe. Mshika bendera atakaa juu kilimani saa hiyo moja kuwapunguzia madereva mwendo. Saa tano anashuka."

"Hicho ni kilele cha kufika. Foleni haijafika kileleni. Saa tano wanaokuja bado wanawazidi wanaovuka, kwa hiyo inaendelea kurefuka. Itaacha kurefuka saa sita, na itaisha saa tisa. Tena kwa malori haya, kila gari linakula kama mita kumi na tano. Sitini ni mita mia tisa, na kona ya kilimani iko mita mia saba kutoka darajani. Mkia wa foleni utapita kona baada ya saa tano na dakika ishirini. Anayeshuka kwa kasi hatauona."

"Watanzania hawaendeshi kwa michoro," alisema Bonaventura, akatia sahihi mpango wake mwenyewe.

Hafsa alikusanya karatasi yake. Hakupiga simu kwa mtu yeyote. Moyoni alisema: mwache aone.

Siku daraja lilipofunguliwa, alikaa chini ya hema la turubai kando ya mto akihesabu magari yanayovuka. Saa tano, vijana wake walioko nyuma walimwambia kwa redio kwamba foleni ina magari thelathini na tisa. Alitabasamu. Kidogo baadaye Shamte, mshika bendera, akashuka kilimani na bendera yake nyekundu kwapani.

"Mbona umeshuka?" Hafsa alimuuliza.

"Mkubwa kaniita, dada. Kasema kilele cha magari kimepita."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo. Kwani nirudi?"

Hafsa aliitazama kona, kisha akalitazama kontena, ambako Bonaventura alikuwa amesimama mlangoni akiongea kwenye simu kwa sauti ya mtu anayejua anasikilizwa.

"Muulize yeye," alisema. "Yeye ndiye anayejua."

Foleni ilipita arobaini na tano, ikapita hamsini. Saa sita ilikaribia. Redio ikasema hamsini na nane, na Hafsa akaandika nukta yake karibu kabisa na mstari, akifurahia jinsi ilivyokaa. Ndipo ukasikika mlio wa breki kutoka nyuma ya kilima, mrefu, kisha kishindo.

Lori tupu lililokuwa likienda kuchukua korosho lilikuwa limepinda kona na kukuta Noah ya abiria imesimama mkiani mwa foleni. Dereva alijaribu kulivuta lori hadi mtaroni, akachelewa kidogo. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja mkulima wa Mitole, jina lake Antonia, alitolewa kiti cha nyuma cha Noah hiyo akiwa amevunjika paja.

Siku mbili baadaye wakaja wakubwa wa barabara na mkuu wa askari wa usalama barabarani. Bonaventura aliutandika mezani mchoro wa Hafsa, aliouitisha asubuhi ile.

"Kama mchoro wetu unavyoonyesha," alisema, "saa sita, magari yanasubiri dakika sitini." Akaweka kidole kwenye pengo la wima.

"Hapo ni magari sitini," alisema Hafsa. "Dakika zinasomwa kwa mlalo. Zimelingana kwa sababu daraja linavusha gari moja kwa dakika. Lingekuwa linavusha mawili, ungewadanganya wageni."

Mmoja wa wageni alikohoa kuficha kicheko. Mkuu wa askari akauliza mshika bendera akae juu mpaka saa ngapi. Bonaventura aliikazia macho karatasi kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni.

"Mpaka saa saba," alisema Hafsa. "Foleni inarudi ndani ya kona saa saba kasoro dakika ishirini. Zinazobaki ni tahadhari."

Ikaamuliwa hivyo. Mlangoni Bonaventura akamshika bega: "Tumefanya kazi nzuri, binti." Hafsa aliutazama mkono ule mpaka ukaondoka.

Jioni, akiwa bado na utamu wa ushindi mdomoni, alikwenda hospitali na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

Hafsa alijieleza. Alieleza pia mchoro, jinsi bosi wake alivyokataa kusikia, na jinsi Shamte alivyomjia na bendera kwapani. Mama Antonia alisikiliza hadi mwisho, mguu wake umefungiwa uzito wa kuvuta mfupa.

"Kwa hiyo ulijua gari zitafika nyuma ya kona."

"Nilijua, mama."

"Na saa ulijua."

"Nilijua."

"Na mwenye bendera alikuuliza kama arudi?"

"Aliniuliza."

"Yule bwana wenu ni mjinga," alisema Mama Antonia. "Mjinga nimemzoea, hata kwetu Mitole wapo. Wewe ulikuwa unangoja awe mjinga mbele za watu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye hiyo foleni yako."

Akamwita muuguzi ampe maji. Muuguzi alikuwa mbali. Hafsa akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Siyo wewe," alisema mama, akageuza uso ukutani.