Awamu ya Mwisho ya Kiwanja

Noela alikuwa na uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Mchana auze wali na maharage kwa wachimbaji, jioni arudi Buseresere kwa bodaboda akiwa amekumbatia masufuria matupu, na akifika tu simu inamkumbusha. Awamu ya tatu ya kiwanja: shilingi 2,600,000. Mwisho tarehe 31 Desemba. Simu haina haya. Ilimwambia hivyo akiwa anakula, ilimwambia hivyo akiwa kanisani.

Kiwanja alikinunua mumewe, Adam, kwa Mzee Mwigulu, mwezi wa pili. Mwezi wa nne duara, shimo la kuchimbia dhahabu, likamfukia Adam na wenzake wawili, na wakamleta nyumbani kwenye turubai. Alichomwachia mkewe ni mtoto mmoja, Paskalina, Rebeka aliye mama mzazi wa Adam, na picha ya mkataba kwenye simu. Karatasi zenyewe zilikuwa mbili, moja kwa mwenyekiti wa kitongoji na nyingine kwa muuzaji. Adam alisema picha inatosha, karatasi huliwa na mchwa.

Kwenye mkataba kulikuwa na sharti moja ambalo Noela alilijua kama anavyolijua jina lake. Awamu yoyote ikipita siku kumi na nne bila kulipwa, muuzaji ana ruhusa ya kuuza kiwanja kwa mtu mwingine na kurudisha nusu tu ya alichopokea. Nusu! Ndiyo maana msiba ulipoisha alikwenda kwa Eunice, wakala wa miamala ambaye pia hutoa kopi na kuchapa barua, akamwomba amsaidie asipitwe na tarehe hata moja.

Eunice alikuwa na programu kwenye simu yake. Unaipa picha ya mkataba, inausoma, inakupangia jedwali: bei, kilicholipwa mwanzo, awamu, tarehe, kilichobaki. Noela akaituma ile picha. Programu haikukosea. Bei 8,000,000. Taslimu ya kuanzia 3,000,000. Awamu tatu za 1,200,000, Juni, Septemba, Desemba. Halafu chini ikaweka mstari wa njano: malipo yote yakijumlishwa ni 6,600,000, hayafiki bei, pungufu ni 1,400,000, tafadhali hakiki na mkataba. Na chini zaidi, mahali palipoandikwa Mengineyo, mahali ambapo hakuna mtu anayepafungua, ikaweka maneno ya mwandiko wa mkono iliyoyaokota pembeni mwa karatasi: ng'ombe wawili majike, thamani haikutajwa.

Watu watano walikuwa wamepanga foleni kwa Eunice wakitaka kutoa hela. Alimwambia Noela kwamba wanaoandika mikataba huku hawajui hesabu, kwamba hiyo milioni na laki nne lazima wameisahau kwenye awamu ya mwisho. Akabonyeza pale palipoandikwa ongeza tofauti kwenye awamu ya mwisho. Rangi ya njano ikaondoka. Jedwali likawa la kijani, likapendeza, likahamia kwenye simu ya Noela pamoja na vikumbusho vyake. Usimlaumu sana Eunice. Hata yeye alikuwa hajala tangu asubuhi.

Awamu ya Juni Noela aliilipa kwa simu, ya Septemba pia, na kila mara Mzee Mwigulu alimjibu kwa neno moja, nimepokea. Ile ya mwisho ndiyo iliyomtoa roho. Laki tano alikopa kwenye kikundi chao cha akina mama, kwa riba. Akapungukiwa laki tisa, na nyumbani kulikuwa na kitu kimoja tu chenye thamani hiyo, ng'ombe mweusi wa Rebeka mwenye mimba, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomkuza Paskalina.

Walikuja naye kutoka Mhunze, yeye na ng'ombe wenzake wawili, familia ilipohamia huku kutafuta mvua. Hao wawili Adam aliondoka nao alfajiri moja, Noela akiwa tayari yuko machimboni anawasha moto. Jioni Adam akamwambia wameshakwenda kwenye kiwanja. Noela akaelewa kwamba wameuzwa mnadani na hela zao ndizo zile milioni tatu. Hakuuliza. Mtu akirudi amechoka humuulizi mambo ambayo jibu lake unalijua.

Kumwomba Rebeka yule wa tatu kulimchukua Noela siku tatu za kumeza mate. Mwishowe alisema ukweli ulivyo, kwamba deni la kiwanja limebaki na hana pa kushika tena. Rebeka alitazama nje pale ng'ombe alipofungwa, kisha akasema achukue tu, kiwanja ni cha Paskalina. Mnunuzi mnadani alijua ni Desemba na alijua sura ya mtu mwenye shida. Alitoa laki tisa kwa ng'ombe ambaye kwa mtu asiye na haraka angefika milioni na zaidi.

Siku ya pili yake Noela aliamua kupeleka hela kwa mkono, asainiwe, yaishe. Alimkuta Mzee Mwigulu barazani kwake. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamkabidhi bahasha. Mzee alihesabu polepole akilowesha kidole. Alipofika milioni na laki mbili akasimama, akasukuma zilizobaki upande wa Noela.

"Mama Paskalina, hizi za nini?"

Noela akamwonyesha simu. Mzee hakuitazama sana. Aliingia ndani akatoka na karatasi yake, akaweka kidole pembeni, kwenye mwandiko wa mwenyekiti.

"Ng'ombe wawili. Laki saba kila mmoja. Tulikubaliana mbele ya mwenyekiti, mumeo akiwepo na mimi nikiwepo."

Noela aliuliza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri, kwa nini bei yao haikuandikwa.

"Nani angesahau?" alisema mzee.

Aliyejua hayuko tena. Mzee alilitambua hilo baada ya neno kumtoka mdomoni, akainamisha kichwa, akasaini haraka kwamba kiwanja kimelipwa chote. Nyuma yake, zizini, Noela aliwaona: yule wa madoa na yule mwenye pembe iliyovunjika, wamenenepa, wa madoa ana ndama. Alimpigia yule mnunuzi hapo hapo. Mnunuzi alisema kwa upole kabisa kwamba fuso limeshapita Isaka, ng'ombe anakwenda machinjioni Dar.

Njia nzima Noela alishika milioni moja na laki nne mapajani na hakuhisi kama ni hela. Laki tano zirudi kwa kikundi pamoja na riba yake. Zinazobaki hazinunui ng'ombe mwenye mimba, mwezi huu wala ujao. Simu ikalia. Zimebaki siku tisa, ikasema. Akaizima.

Rebeka alikuwa amekaa mlangoni, Paskalina amelala miguuni pake, kikombe kitupu pembeni. Noela alipiga magoti akamweleza yote, kuanzia kwa Eunice hadi fuso, na habari za wale wawili waliotolewa kama malipo siku ile ile ya mkataba. Rebeka alimsikiliza hadi mwisho.

"Hao wawili mimi ndiye niliyewafungua kamba," alisema. "Nilijua wamekwenda kwa Mwigulu."

"Sasa mama, mbona hukuniambia nilipokuja kukuomba yule wa tatu?"

Rebeka alimfukuzia mjukuu wake nzi usoni.

"Nilidhani kiwanja kimepanda bei."