Umri Ulipoanza

Mtu anayeulizia wafu wangu simwamini, awe na koti jeupe au asiwe nalo. Nesi alikuwa na karatasi ya safu tano: ndugu, upande, ugonjwa, umri ulipoanza, umri alipofariki. Mimi nina miaka thelathini na mitatu. Nilitaka kujua jambo moja tu, nianze lini kupimwa utumbo mpana, kwa sababu saratani ya utumbo huo ndiyo iliyomuua baba. Shangazi, dada yake baba, nilimleta anikumbushe.

"Baba yako ilimwanza akiwa na miaka mingapi?" nesi akaniuliza.

"Hamsini na sita," shangazi akanidakia.

Nesi akaandika. Kisha kalamu ikasimama. "Na alifariki akiwa na?"

"Hamsini na sita."

"Aligunduliwa na kufa mwaka mmoja?"

Shangazi akaanza kuhangaika na zipu ya mkoba wake. Nami nikakumbuka kovu refu la baba, toka juu ya kitovu hadi chini, tulilokuwa tukiambiwa ni la ngiri. Ngiri gani ya kupasua tumbo zima? Tena nikiwa darasa la tatu, baba alienda "safari ya kikazi" miezi minne, akarudi suruali zinamvuka.

"Shangazi, baba alikuwa safari gani?"

"Ya wafu tuwaachie wafu."

"Wafu wapi? Mimi niko hai hapa!" Nilipiga meza. Hasira zilinipanda kweli, sioni haya kusema.

Shangazi akaiachia zipu, akasema, "Arobaini na moja. Walimkata utumbo, akapona. Ugonjwa wa pili ndio uliomwondoa. Tuliogopa mtakosa wachumba."

Nesi akakata hamsini na sita. "Kwa hamsini na sita ningekwambia urudi ukifika arobaini. Kwa arobaini na moja tunatoa miaka kumi, maana tunafuata umri unaotangulia."

Thelathini na moja. Nimeshachelewa miaka miwili, na nusura nirudi nyumbani nikalale miaka saba mingine.

"Na wewe mama," nesi akamgeukia shangazi, "umewahi kuugua?"

"Mimi mzima. Nilitolewa kizazi tu. Uvimbe."

"Uvimbe gani?"

Lo! Ile zipu tena.

"Saratani," akasema kwa sauti ndogo. "Nikiwa na arobaini na nne. Lakini ya kizazi na ya utumbo wapi na wapi?"

"Zinaweza kutoka kwenye urithi mmoja. Kipimo cha damu huanzia kwa aliyeugua aliye hai. Kwenye karatasi hii aliyeugua na bado yuko hai ni wewe peke yako. Una watoto?"

Nilijiandaa kwa uongo mwingine. Shangazi akaivuta karatasi, akaweka kidole chini ya mstari wenye jina langu.

"Wawili, wa kike. Mkubwa ana thelathini na tisa. Naye nilimwambia ni uvimbe tu."

Akaukunja mkono wa gauni lake hadi juu ya kiwiko, akamnyooshea nesi mkono.