Shubiri Moja Chini ya Paa

Ukuta wa ghala ulikuwa wa mita saba, na ngazi aliyoleta msimamizi ilikuwa ya mita sita. Dada, fundi rangi tangu ujana wake, alimwambia waziwazi kwamba haitoshi, inatakiwa ya mita saba. Msimamizi akasema mita moja si kitu, akaondoka zake.

Basi Dada akaweka miguu ya ngazi mita moja na nusu kutoka ukutani, kama alivyofundishwa: kila mita nne za kwenda juu, vuta miguu nje mita moja. Ukivuta zaidi, miguu huteleza. Ukisogeza ndani, ngazi husimama wima mno na kumwangusha mtu kinyumenyume. Mdogo wake, aliyeitwa Twiga kwa shingo yake ndefu, akapanda na kopo la rangi. Aliacha vipandio vitatu vya juu bila kuvikanyaga, akanyoosha mkono mpaka basi. Chini ya paa ukabaki ukanda mchafu wa shubiri moja.

"Twiga mzima umeshindwa na shubiri!" Dada akamcheka. "Shuka, nikatafute mpini wa ufagio tuufungie brashi."

"Tuisogeze tu ngazi, Dada."

"Thubutu! Kunywa maji, unisubiri."

Alishuka kweli. Lakini mlinzi wa geti alikuwa na domo, na kuomba ufagio kwake kuligeuka hadithi nzima. Dada alikuwa anang'oa mpini aliposikia kishindo.

Twiga alikuwa amelala chali, macho wazi, rangi nyeupe imemwagika mpaka shingoni. Dada alimwita kwa jina alilopewa na mama yao, ambalo kazini hakuna aliyelijua. Hakuitika. Mlinzi alipiga simu, lakini hapakuwa tena na mtu wa kuokolewa.

Wakisubiri gari, Dada aliona alama kwenye udongo: mbili pale alipoiweka ngazi yeye, na mbili mpya, nusu mita tu kutoka ukutani. Hesabu yake aliijua, na ilimchoma. Mita nzima ya kusogeza ndani ilikuwa imeinua kichwa cha ngazi kiasi kisichofika hata shubiri kamili.

"Kijana alikuwa na haraka," msimamizi alisema alipofika. Dada alimtazama mpaka akainamisha uso. Lakini kicheko alichomcheka Twiga kilikuwa bado masikioni mwake mwenyewe.

Baada ya mazishi alirudi na ule mpini. Ngazi ikawekwa mita moja na nusu, mlinzi akaishika, na brashi ikafika paani bila shida yoyote. Katikati ya ukanda Dada alikuta mchirizi mmoja mweupe ulioanza vizuri ukakatika kabla ya kugusa paa. Alipaka kulia kwake, akapaka kushoto, kisha akalia sana pale juu. Mchirizi ule hakuugusa.