Tukatembea

Bibi alikuwa kitandani tangu augue, na mjukuu wake, mhariri, alikuwa akimsomea ukurasa wa kitabu cha maisha ya Bibi.

"Tulitembea kwa muda mrefu mpaka tukafika mtoni."

Bibi akakunja uso. "Huyo anayesema ni nani? Mbona ana haraka kama aliyeacha chungu motoni?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Labda mwenzangu."

Mhariri akatoka hadi ukumbini, akampigia simu binamu yake, aliyesikiliza masimulizi ya Bibi na kuyaandika.

"Bibi alisema hivi kweli?"

"Alisema tukatembea, tukatembea, tukatembea, akanyamaza, akaanza upya. Nikaandika mara moja. Nani atasoma marudio yote hayo, dada?"

"Safari yenyewe ndiyo hiyo! Nitumie sauti uliyomrekodi."

"Nilishaifuta. Simu ilijaa."

Angeweza kuongeza marudio mwenyewe. Lakini mara ngapi, na anyamaze wapi? Hayo yangekuwa mapigo yake, si ya Bibi. Akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi, nisimulie tena mlivyokimbia vita."

Bibi akafumba macho. "Tukatembea," akaanza. "Tukatembea..." Mhariri akashika kalamu. Bibi akafumbua macho, akamtazama. "Kisha ikawaje? Imenitoka, mama. Hebu nisomee wewe."

Hakuwa na kingine cha kumpa. Akasoma: "Tulitembea kwa muda mrefu mpaka tukafika mtoni."

"Masikini watu hao," akasema Bibi, kwa upole, kama mtu anayesikia habari za jirani.